Angèle na Maji ya Bukari

Nianze na Jumapili ile Angèle alipokaa chini, maana bila hiyo hakuna kisa. Ilikuwa misa ya yubile ya jirani yetu, maman Carmel, miaka ishirini na tano ya ndoa. Kanisani kwetu hapa Likasi, wenye yubile hupeleka matoleo altareni wakicheza. Na huko kucheza si kutembea kwa madaha: ni hatua mbili mbele, moja nyuma, wimbo mmoja ukiisha kwaya inadaka mwingine, kutoka mlangoni hadi mbele kabisa. Kina mama wa chama huwafuata kwa mistari. Wifi yangu Angèle alikuwa mstari wa kwanza, na beseni la mchele kichwani. Alipofika katikati ya kanisa alinigeukia, mdomo wazi, jasho likimtoka hadi kidevuni. Kisha akaingia kwenye benchi la watu asiowajua, akakaa. Beseni lilibaki mapajani mwake mpaka baraka ya mwisho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika getini ndipo machozi yalipomtoka.

"Joëlle, mwaka yenye kuya njo yubile yetu, minye na Benoît," akasema. "Nitaenda kukaa mu banc siku ya yubile yangu mwenyewe? Bantu bote banaangalia?"

Benoît ni kaka yangu, na kwetu hapa "minye" ni mimi, "kuya" ni kuja, "njo" ni ndiyo. Tunaishi kiwanja kimoja, jiko langu na la Angèle yametenganishwa na ukuta mfupi unaonifika kifuani. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa niliyaona au niliyasikia, na nisiyoyasikia niliyauliza. Watu husema nina mdomo. Ninao, na nautumia.

Lazima niseme kitu kuhusu uchovu wa Angèle, kwa sababu kuna wanaodhani mtu mnene ni mvivu. Angèle ni mshonaji. Anaamka kabla ya jogoo, anawaandaa watoto kwenda shule, anakaa kazini kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jua linapoelekea kuzama, akishona sare za shule na vitenge vya sherehe za watu. Akirudi anawasha makaa, anapika, anaosha vyombo, anasali rozari nusu na nusu nyingine anasinzia. Mchana kutwa mwili umekaa, lakini jioni amechoka kama aliyebeba magunia. Nilimwona mara nyingi akijivuta kutoka kwenye kiti kwa mikono miwili huku akiita jina la Mama Maria.

Baada ya yubile ya Carmel alitaka dawa ya haraka. Kuna kijana wetu, Ricky, mpwa wangu na Benoît, ambaye kila Jumamosi alfajiri hukimbia na wenzake barabarani wakiimba na kupiga makofi. Footing, wanaita. Angèle akaazima viatu vya michezo, akafunga kitenge juu ya suruali ya bwana wake, akatoka nao. Nilisimama getini nikimshangilia, na nilimaanisha. Walipanda mlima, wakashuka, wakapanda tena, na yeye, kwa aibu ya kuachwa na watoto, hakutaka kubaki nyuma.

Ricky alimrudisha kwa pikipiki. Kwa siku kadhaa Angèle alishuka ngazi ya mlango wake kinyumenyume, na goti moja likavimba.

"Minye na mazoezi, tulishaachana," alisema.

"Mulikuwa mumeoana lini?" nikamuuliza.

Alinirushia kitambaa cha kufutia sufuria. Lakini goti halikupungua, basi nikamsindikiza hospitali. Muuguzi akampima presha, akachukua damu kuangalia malaria na upungufu wa damu, kwa sababu uchovu wa namna ile unaweza kuwa ugonjwa, na huwezi kumwambia mgonjwa aruke. Majibu yakatoka mazuri. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu, si ya kutisha. Wakamtuma kwa mtu wa viungo, kiné, mwanamke mmoja mwembamba anayeitwa Tania, mwenye sauti ya chini na macho ya kucheka.

Tania akamwambia akae kwenye kiti, kisha asimame bila kushika chochote. Angèle akasimama. "Tena," akasema Tania. Mara ya nne alianza kuhema.

"Unaona, mama," Tania akasema. "Hii uchovu yako, sehemu mingi ni juu ya mwili inasahau kazi. Ukiipumzisha zaidi, itasahau zaidi. Lakini footing ya wale batoto haikukuwa ya weye. Unaanza na kitu kidogo sana, kidogo mpaka hata siku unachoka kabisa hautapata namna ya kukataa."

"Kidogo namna gani?"

"Kusimama ku kiti na kukaa. Mara mbili."

"Mbili tu?" Angèle aliniangalia. Mimi niliangalia dari ili nisicheke.

"Mbili. Ukitaka kuongeza siku ingine, ongeza. Ukichoka, mbili zinatosha, umefanya. Sasa tutafute saa. Hapana saa ya montre ya mukono. Kitu yenye kufanyikaka kila siku ku nyumba yako, ikishafanyika tu, weye unasimama."

Hapo ndipo wifi yangu alipofanya kosa ambalo, nadhani, ni mtu wa Likasi tu anayeweza kulifanya. Mtaani kwetu umeme hukatika alasiri na kurudi jioni. Ukirudi, watoto wa mtaa mzima hupiga kelele ya furaha, "Courant eeeh!", nyumba hadi nyumba, hata kiziwi atajua. Angèle akaona hiyo ndiyo kengele bora kuliko zote: inapigwa bure, na inapigwa kwa furaha.

"Courant ikirudi, nasimama," akasema.

Tania aliuliza kama unarudi kila siku. Angèle akaapa kwamba unarudi. Na kweli majuma yale ulikuwa unarudi.

Basi ikawa jioni, watoto wakipiga kelele, nasikia kiti cha Angèle kinalia nyuma ya ukuta, kinalia tena, halafu sauti: "Merci Yezu!" Nilidhani ameingia kwenye kikundi cha maombi. Nilipochungulia akanieleza kwamba Tania alimwambia akimaliza afurahi papo hapo, kwa sauti, hata kwa mambo madogo, ili mwili upende kurudi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakujali. Aliongeza mbili zikawa nne, siku nyingine sita.

Kisha kituo kidogo cha umeme cha mtaa wetu kikaungua. Kilitoa moshi mweusi mchana kweupe, na baada ya hapo hakuna courant, hakuna kelele, hakuna "Merci Yezu". Siku ya kwanza Angèle alisema atangoja. Siku ya pili pia. Juma likaisha giza, la pili nalo. Kiti kilinyamaza, naye akarudi kujivuta kwa mikono miwili. Cherehani ya umeme ilikuwa imesimama, akashonea ile ya zamani ya kukanyaga, akirudi nyumbani amekasirika na dunia yote.

"Mama Daniella, na mazoezi?" nikamuuliza juu ya ukuta. Daniella ni binti yake wa kwanza.

"Courant ikirudi."

"Na isiporudi mpaka yubile?"

Alifunika sufuria kwa nguvu hadi mfuniko ukaruka. Nami nikaingia ndani na moyo mzito, maana niliona kabisa lile benchi la katikati ya kanisa likimngoja.

Ni goti lililomwokoa. Siku ya kurudi kwa Tania kuangaliwa goti ilifika, na Angèle alikwenda akiwa tayari kugombezwa. Tania hakumgombeza. Alisikiliza habari ya kituo kilichoungua, akauma mdomo wa chini, akasema kosa ni lake pia.

"Ile alama hatukuichagua muzuri. Courant ni ya bengine, hauna nayo nguvu. Tunataka kitu ya mikono yako. Jioni, nini unafanyaka weye mwenyewe, hata kuwe giza, hata mvua inanyesha, hata umechoka ya kufa?"

"Napika bukari," akasema Angèle. "Nani ataipika?"

Bukari ni ugali wetu. Nyumbani kwa Angèle jioni bila bukari haijawahi kutokea tangu aolewe.

"Bon. Unaanza na nini?"

"Naweka maji mu sufuria, naweka pa mbabula, nafunika."

"Na kisha?"

"Nakaa, nangoja ichemke."

Tania alipiga meza kwa kiganja, amefurahi. "Njo pale! Ukishafunika, mbele ya kukaa kungoja. Mufuniko inagusa sufuria, weye unafanya mbili zako. Na hapana pa kile kiti kifupi ya jikoni. Leta kiti ya meza, uegemeze pa ukuta isiteleze. Miguu nyuma kidogo, kifua mbele, unasimama. Goti ikiuma kwa kuchoma, unaacha. Kifua ikiuma, ao kizunguzungu, unaacha na unakuya hapa."

Jambo la kiti lilikuwa muhimu, kwa sababu jioni ile ile, kwa ubishi, Angèle alijaribu kwanza kwenye kiti kifupi. Alishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikokwama, na mimi na Daniella ilibidi tumvute huku na huku, wote watatu tukicheka mpaka maji yakachemka na kumwagikia makaa. Kesho yake Daniella akabeba kiti cha mezani hadi jikoni na kukiweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na hakikurudi mezani tena. Benoît alilalamika kwamba sasa viti vya wageni havitoshi. Akaambiwa wageni watakaa kwa zamu.

Basi ikawa mfuniko. Jioni nasikia "kling", kiti kinalia, kinalia, "Merci Yezu!" Siku ambazo wateja walimtesa, alifanya mbili tu, uso umekunjamana, na bado akashukuru. Siku za nguvu aliendelea mpaka mvuke unainua mfuniko. Maji ya bukari ya watu wengi hayachemki upesi, na Angèle akagundua kwamba amepewa muda ambao miaka yote ulikuwa wake bila kujua. Hakuongeza kazi kwenye siku yake. Aliutumia muda wa kungoja.

Umeme ulirudi na watoto wakapiga kelele, naye hakugeuza hata kichwa. Alikuwa hajaweka sufuria bado.

Nilimtania sana, na nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa naamini. Kilichonibadilisha ni matanga ya Kambove. Mjomba wetu alifariki, mzee aliyeshiba miaka, mwenye wajukuu wasiohesabika, na tukaenda wanawake wote kupika. Kwenye matanga bukari inapikwa kwenye masufuria makubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto ndani. Angèle akapewa moja. Akamimina maji, akainua mfuniko kwa mikono miwili, akaufunika. Kisha, mbele ya kina mama wote wa ukoo, akarudi nyuma hadi kwenye kiti cha plastiki, akakaa, akasimama, akakaa, akasimama, macho yakiangalia moto. Hakuwa anafikiri lolote. Miguu ilikwenda yenyewe.

Mama mmoja wa huko, tusiyemjua, akamkimbilia akamkumbatia kiunoni.

"Jikaze, maman, jikaze," akamwambia. "Mzee analala muzuri. Usifanye vile."

Angèle akashtuka, akajiona. Akaniangalia mimi, na mimi nilikuwa nimeshazika uso wangu kwenye kitenge, mabega yakitetemeka, wakadhani nami nimezidiwa na kilio. Tulishikwa mkono wote wawili, tukapewa maji ya kunywa, tukapelekwa kivulini kufarijiwa. Ndani yangu nilisema: huyu amefika. Kitu kikimtoka mtu bila kuamua, hakuna tena cha kumshawishi.

Kwa siku zilizobaki za matanga walipika wengine, na yeye alilala chini kwenye mikeka na wafiwa. Tuliporudi Likasi nilingoja nione kama atajilipiza zile siku alizokosa, maana ndivyo nilivyomjua, mtu wa kupiga mbio ili kufidia. Hapana. Mfuniko, mbili, "Merci Yezu", akakaa.

"Na zile za Kambove?" nikamuuliza.

"Zilipita. Tania anasema siku yenye kupotea haiko deni. Nangoja tu mufuniko yenye kuya."

Miezi ilivyokwenda, kiti kikawa rahisi. Akaanza kujiinua kwa vidole vya miguu akiwa ameshika ukuta wetu, kichwa chake kikipanda juu ya ukuta na kushuka, kikipanda na kushuka, nami nikikisalimu kila mara. Halafu akaanza kuzunguka kiwanja, getini na kurudi, akisikiliza sufuria. Mwisho, jioni moja, nikasikia anaimba wimbo wa matoleo. Nilichungulia. Alikuwa na beseni tupu kichwani, hatua mbili mbele, moja nyuma, kutoka mbabula hadi mti wa parachichi, na nyuma yake watoto watatu wa mtaa wakimfuata kwa mstari na vifuniko vya ndoo vichwani. Kaka yangu Benoît alikuwa amekaa mlangoni na redio yake, akitikisa kichwa.

"Mama Daniella, kuya uniongoze na minye," nikamwambia. Sikuwa natania. Niliruka ukuta, kwa umri wangu, nikaingia kwenye mstari.

Yubile ikafika, Jumapili ya jua kali. Kanisa lilijaa hadi nje. Abbé Symphorien, padri wetu, alikuwa na hamu ya kuhubiri, akahubiri, na mimi muda wote nilikuwa nahesabu mabenchi badala ya kusikiliza. Angèle alivaa kitenge cha rangi ya dhahabu alichojishonea mwenyewe. Benoît alivaa suti na viatu vipya vyeusi vya ncha kali, zawadi ya wenzake wa kiwandani anakoendesha lori. Kwaya ilipoanza wimbo wa matoleo, Angèle akapandishiwa beseni la unga na matunda kichwani. Benoît akapewa jogoo hai, amefungwa miguu.

Wakaondoka mlangoni. Mbili mbele, moja nyuma. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza nyuma yao, na sikuangalia kingine ila mgongo wa Angèle. Wimbo wa kwanza ukaisha. Kwaya ikadaka wa pili, mrefu zaidi, na ngoma zikaongezwa. Tukalifikia lile benchi la katikati. Niliona watu wakigeuka kumtazama, maana Likasi watu hawasahau. Carmel, aliyekaa pembeni, alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Angèle alilipita. Shingo imenyooka, beseni halitikisiki, anaimba. Anaimba! Mwaka uliopita hakuwa na pumzi ya kuvuta, sasa alikuwa na ya kuimbia. Nililia waziwazi, na sijali nani aliniona.

Ndipo nikasikia jogoo akipiga kelele. Benoît alikuwa amembana. Uso wa kaka yangu ulikuwa umeloa, tai imepinda, anahema kwa mdomo, na hatua zake mbili zilikuwa zimekuwa moja. Mwaka mzima tulimwangalia mke. Hakuna aliyefikiri kumwangalia mume, mtu anayekaa kwenye lori mchana kutwa na mlangoni na redio jioni nzima. Alianza kutupia macho mabenchi.

Angèle hakugeuza kichwa, asije akaangusha matunda. Aliachia mkono mmoja kutoka kwenye beseni, akamkamata Benoît kiwiko.

"Papa Daniella," akamwambia, na mstari mzima tulisikia, "polepole. Fanya mbili tu. Kisha mbili ingine."

Akampunguzia hatua, na wote nyuma yao tukapunguza, kwaya ikatuona na kushusha mwendo, ngoma zikafuata. Walikwenda hivyo, mbili, na nyingine mbili, mpaka mbele. Abbé Symphorien alishuka ngazi za altare kumpokea jogoo, akicheka wazi, na kanisa zima likapiga vigelegele. Benoît alisimama pale amemwegemea mkewe, mbele ya watu wote, kama mwanaume ambaye hana aibu yoyote ya kufanya hivyo.

Kesho yake jioni nilikuwa jikoni kwangu nachambua maharage, miguu inauma kwa kucheza. Nikasikia mfuniko, na kiti kikalia, lakini kililia kwa sauti nzito kuliko tuliyoizoea. Nikainuka kuchungulia. Angèle alikuwa amesimama kando ya mbabula, mikono kiunoni. Kwenye kiti alikuwa Benoît, viatu amevua, kifua mbele, miguu nyuma kidogo kama alivyoelekezwa. Akainuka, akakaa, akainuka tena, akaguna.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha. Sasa sema."

Benoît alinitazama juu ya ukuta, akaona nimemwona, akasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa: "Merci Yezu." Kisha akasogea, akampisha mkewe kiti.